Meneja hakufika: mhasibu aondoke na hesabu mkononi

Swali la wiki: "Tumemwonyesha mteja bidhaa yetu, lakini mwenye kauli ya mwisho hakuweza kufika. Tufuatilieje?"

Ninauza matangi ya kupozea maziwa kwa vyama vya ushirika vya wafugaji, na huko jambo hili ni la kawaida: kituoni unawakuta mhasibu na mpokea maziwa, ilhali meneja ameitwa wilayani. Sishauri kukimbilia kuomba siku ya kurudia onyesho lote. Waliohudhuria ndio watakaomweleza meneja, kwa hiyo wapewe maelezo wanayoweza kuyatetea wewe usipokuwapo.

Chukua mfano wa tangi la lita 1,000 lililojaribiwa kwa maji. Mpokea maziwa anaona kipimajoto kikishuka kutoka nyuzi 30 hadi 4 na anaridhika, kwa sababu hofu yake ni maziwa kuchacha. Meneja atauliza habari za umeme. Hivyo soma mita mbele ya mhasibu, mwanzo na mwisho wa jaribio. Ikiwa zimetumika uniti 13, andika 13, kisha eleza kwamba maziwa yaliyokamuliwa punde huwa na joto zaidi ya maji hayo, kwa hiyo watarajie kama 15. Mhasibu mwenyewe azidishe kwa bei iliyo kwenye risiti yao ya LUKU na kugawanya kwa lita 1,000; gharama ya kupoza lita moja ikitoka kwa mtu wake, meneja ataiamini kuliko ikitoka kwa muuzaji. Hesabu hiyo iwekwe kando ya lita za jioni ambazo kituo kinazikataa kwa kukosa pa kuzihifadhi hadi asubuhi.

Siku hiyohiyo mtumie mhasibu ukurasa mmoja wenye hesabu hiyo, maswali yaliyoulizwa, na yale ambayo bado hayana jibu, kwa mfano kama umeme wa kituo ni wa fezi moja au tatu. Usimruke na kumwandikia meneja moja kwa moja, kwani utamgeuza mtetezi wako kuwa mtazamaji. Mwombe akutafutie dakika 20 za meneja, naye akiwapo, na katika dakika hizo anza na maswali yasiyojibiwa badala ya kueleza tangi upya.

Mhasibu akisema "tutakujulisha" bila kuweza kutaja kikao kitakachojadili suala hilo, huenda ukurasa wako bado haujamfikia meneja. Hapo muulize kwa upole bodi inakaa lini, na kama ununuzi utahitaji mkopo, iwapo unaingia ndani ya ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu. Usipoingia, hata meneja aliyeridhika kabisa hawezi kutia saini. Chukua tarehe ya mkutano mkuu, wape profoma itakayokuwa hai hadi siku hiyo, na uache kuwapigia simu kila wiki.