"Si kosa kwake": aya ya Safa na Marwa na swali nililonyamazishwa

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Ustadhi, Qur'ani inasema si kosa kwa anayehiji kusai baina ya Safa na Marwa. Kama si kosa tu, mbona masheikh wanatuambia asiyesai hana hija? Nimeuliza darasani nikaambiwa nisicheze na dini."

Nilisoma ujumbe ule mara mbili. Swali hilo hilo niliwahi kuliuliza nikiwa kijana, mbele ya darasa zima, na mwalimu akanijibu kwamba huo ni wasiwasi wa shetani. Wenzangu wakacheka. Sikuinua mkono tena katika darasa lile, na sitasema uongo, mpaka leo naumia nikikumbuka. Miaka ikapita, nikaanza kusoma Sahihi ya Bukhari kwa mwalimu mwingine, tukafika kwenye mlango wa sai. Nikakuta kwamba swali langu liliulizwa na Urwa bin Zubeir, mmoja wa wanavyuoni wakubwa wa Madina, na aliyeulizwa ni Bi Aisha (r.a.) mwenyewe, mama yake mdogo. Katika Muwatta ya Imam Malik Urwa anaeleza kwamba wakati huo alikuwa bado kijana. Hakuna aliyemwambia ana shetani.

Basi tuifuate kesi hiyo hatua kwa hatua, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu unachohitaji kujua kuhusu namna wanavyuoni wanavyotumia sababu za kushuka aya.

Aya ni ya 158 katika Suratul Baqara. Maana yake: Safa na Marwa ni katika alama za Mwenyezi Mungu, basi mwenye kuhiji Nyumba hiyo au kufanya umra, si kosa kwake kuvizunguka. Urwa akasema: kwa aya hii, naona mtu asiposai hana neno lolote. Bi Aisha akamjibu: umesema vibaya, ewe mwana wa dada yangu. Lau ingekuwa hivyo unavyoifasiri, ingesema "si kosa kwake kutovizunguka."

Tua hapo kwanza. Hajataja tukio lolote bado. Ameanza na maneno ya aya yenyewe: imemwondolea kosa anayefanya, haikumtaja asiyefanya. Wengi wetu hukimbilia kisa kabla ya kuisoma aya ilivyo, na huko ndiko mambo yanakoharibika.

Lakini jibu hilo linaacha swali jingine wazi. Kwa nini aya imwondolee mtu kosa kwa kufanya ibada? Nani alidhani ni kosa? Maneno peke yake hayakwambii, na hapo ndipo sababu ya kushuka inapofanya kazi yake. Bi Aisha akaendelea: aya hii ilishuka kwa ajili ya Answari. Kabla ya Uislamu walikuwa wakihirimia kwa ajili ya sanamu Manati, lililokuwa Mushallal, upande wa Qudaid, na aliyehirimia kwa Manati alikuwa akiona vibaya kusai baina ya Safa na Marwa. Waliposilimu wakamuuliza Mtume (s.a.w.), wakasema: sisi tulikuwa tukiona uzito kufanya jambo hilo. Mwenyezi Mungu akateremsha aya. Kisha Bi Aisha akamaliza kwa kusema kuwa Mtume (s.a.w.) ameiweka sai kuwa sheria, basi hana mtu ruhusa ya kuiacha.

Sasa "si kosa" imepata wa kuambiwa. Ni jibu kwa watu waliokuwa na hofu, nalo limekuja kwa kipimo cha hofu yao. Mtu akikuuliza, "Nikiswali hapa kuna ubaya?" ukamjibu "Hakuna ubaya," hujamwambia kwamba swala ni hiari.

Je, tunaipokeaje habari hii? Wanavyuoni wa hadithi huangalia mambo mawili. La kwanza ni isnadi, yaani mlolongo wa walioipokea habari, na hii imo kwa Bukhari na Muslim. La pili ni namna msimulizi anavyosema. Swahaba akitaja tukio au swali, kisha akasema "Mwenyezi Mungu akateremsha," hiyo ni sababu ya wazi. Akisema tu "aya hii ilishuka kuhusu jambo fulani," huenda anataja sababu, na huenda anaeleza tu kwamba jambo hilo linaingia katika maana ya aya. Habari ya Bi Aisha ina swali la watu, kisha ikaja aya. Iko wazi.

Kuna sehemu ya kisa hiki ambayo wahubiri huikata, nami naiona ndiyo tamu zaidi. Zuhri, aliyeipokea habari hii kutoka kwa Urwa, alimpelekea Abu Bakr bin Abdulrahman, mwanachuoni mwingine wa Madina. Abu Bakr huyo akasema: hii ni elimu ambayo sikuwahi kuisikia. Mimi nimewasikia watu wa elimu wakitaja kundi jingine, watu waliokuwa wakisai zama za ujahilia, kisha Qur'ani ilipotaja kutufu Nyumba bila kutaja Safa na Marwa, wakaogopa kuendelea. Anas bin Malik naye alipoulizwa alisema waliichukia sai kwa kuwa ilikuwa katika alama za ujahilia. Kundi moja liliogopa kwa kuwa halikuizoea, jingine kwa kuwa liliizoea mno. Abu Bakr hakuitupa riwaya yoyote. Alisema: naona aya imeshuka kwa makundi yote mawili.

Hivyo ndivyo inavyofanywa riwaya zinapokuwa mbili na zote ni sahihi: huangaliwa kama aya moja inaweza kuzibeba zote. Ikiwa moja ni dhaifu, ile sahihi hutangulizwa. Ndugu yangu, ukimsikia mtu anapanda mimbari na kisa kimoja, hakutaja kimepokewa na nani, kisha anawahukumu watu kwacho, mwulize isnadi. Tumechoka kutishwa kwa visa.

Tena usikibebeshe kisa mzigo usio wake. Answari ndio waliouliza, lakini hukumu si yao peke yao. Kanuni ya wanavyuoni wengi ni kwamba huzingatiwa ujumla wa tamko, si umahususi wa sababu, na aya inasema "anayehiji," yeyote awaye. Pia kisa hiki hakithibitishi kwamba sai ni nguzo. Kimeondoa fahamu ya kwamba aya inaruhusu kuiacha, basi. Wajibu wake umechukuliwa kwenye Sunna, na ndiyo maana waliokubaliana juu ya kisa bado wametofautiana: kwa Malik na Shafii sai ni nguzo, hija haitimii bila yake, kwa Abu Hanifa ni wajibu, na aliyeiacha hulazimika kuchinja, na kwa Ahmad zimepokewa kauli zaidi ya moja.

Kwa hiyo, mpendwa uliyeniandikia, masheikh wako wana hoja, ila hoja yao haimo ndani ya "si kosa." Rudi darasani na hadithi hiyo nzima, pamoja na maneno ya Abu Bakr bin Abdulrahman, uisome kwa sauti. Na wewe mwalimu unayesoma haya, kijana akikuuliza alichouliza Urwa, mjibu kama Bi Aisha: mkosoe ukitaka, lakini mpe na sababu.