Endo bila kukariri: tazama nani amekaa nje ya dieni

"Wakuu, nina mtihani wa kemia ya ogania wiki ijayo. Kila nikichora zao la siklopentadieni na anhidridi ya maleiki, au la heksa-2,4-dieni, naweka vikundi upande usio wake. Halafu kwa nini dieni lazima iwe s-cis? Endo nitaijuaje bila kukariri?"

Mkuu, kosa hilo la mmenyuko wa Diels–Alder nililifanya muhula mzima. Lilinitoka siku tulipotengeneza zao lenyewe maabara, kwa hiyo nitapita njia hiyohiyo.

Mtu akipokea ndoo ya maji, mikono yote miwili huielekea ndoo. Dieni, yaani molekuli yenye bondi maradufu mbili zilizotengwa na bondi moja, nayo iko hivyo. Kaboni zake za mwisho, ya 1 na ya 4, zinashika kaboni mbili jirani za dienofili, yaani mwenzake wa kuungana naye kama anhidridi ya maleiki, kwa wakati mmoja. Katika umbo la s-cis ncha hizo mbili zinatazama upande mmoja, na umbali kati yake unatosha kwa dienofili kuingia. Katika s-trans ncha moja iko huku na nyingine kule. Hata ukilazimisha, bondi maradufu mpya katikati ya dieni ingekuwa ya trans ndani ya pete ya kaboni sita, na pete ndogo hivyo haiwezi kubeba mkunjo huo.

Butadieni ya kawaida hupenda s-trans, kwa sababu nishati yake iko chini kwa takriban kJ 12 kwa moli. Kwa joto la kawaida ni molekuli chache tu katika kila mia zilizo s-cis. Lakini bondi moja ya katikati inazunguka kwa urahisi, kwa hiyo zinazotumika hujazwa na nyingine, na mmenyuko unaendelea. Taabu inaanza pale kikundi kinapokaa ndani ya tumbo la dieni. Chukua penta-1,3-dieni: methili ikiwa E inaelekea nje na haimsumbui mtu. Ikiwa Z, dieni ikijikunja kuwa s-cis methili hiyo inagongana na haidrojeni ya ncha ya pili, na mmenyuko na anhidridi ya maleiki unakuwa wa polepole mno ukilinganisha na ule wa E.

Siklopentadieni haina shida hiyo. Pete imeifunga katika s-cis moja kwa moja, ndiyo maana ina kasi kubwa. Kasi hiyo ina gharama yake, na sisi tuliilipa. Tulipasua dimeri yake, yaani molekuli mbili za siklopentadieni zilizoungana, kwa kuichemsha karibu nyuzi 170, tukakusanya siklopentadieni inayochemka kwenye nyuzi 41 hivi, kisha chupa ikaachwa kabatini hadi kesho yake badala ya kuwekwa kwenye barafu. Asubuhi tulipoimimina kwenye anhidridi, flaski ilipata joto kidogo tu na fuwele zikatoka chache. Usiku kucha molekuli nyingi zilikuwa zimeungana zenyewe kwa zenyewe, moja ikiwa dieni na nyingine dienofili. Dimeri ina bondi maradufu mbili, ila hazifuatani, kwa hiyo si dieni tena. Na dimeri hiyo yenyewe ni zao la endo.

Mara ya pili tulipasua na kutumia saa ileile. Gramu 6 za anhidridi ya maleiki kwenye mL 20 za ethili asetati, tukapasha kidogo hadi ikayeyuka, tukaongeza mL 20 za heksani, tukapoza kwenye barafu, kisha mL 6 za siklopentadieni. Flaski ilipata joto papo hapo na fuwele nyeupe zikajaa. Tulizipasha tena hadi zikayeyuka ndani ya kimiminika, tukaziacha zipoe taratibu. Zikiwa kavu, ziliyeyuka kwenye nyuzi 164 hadi 165, na hiyo ni endo. Ekso huyeyuka karibu nyuzi 143.

Sasa kuchora. Laza dieni bapa, ikiwa s-cis, na uilete dienofili kutoka chini yake. Anhidridi ina njia mbili za kukaa: kaboni zake za kabonili ziingie chini ya tumbo la dieni, au zitazame mbali. Zikiingia chini, hiyo ni endo; zikitazama mbali, hiyo ni ekso. Sababu ya jadi, waliyoitoa Hoffmann na Woodward mwaka 1965, ni kwamba obiti za kabonili zinavutana na zile za kaboni za katikati za dieni, na hilo linashusha kizingiti cha mmenyuko. Wapo wanaoipinga na kutaja mambo mengine, lakini kwa utabiri haibadilishi kitu.

Halafu uliza: katika dieni, nani amekaa nje na nani amekaa ndani? Kanuni ninayoitumia hadi leo ni hii: kilichokuwa nje ya dieni kinaishia upande mmoja na kikundi cha endo. Kilichokuwa ndani kinaishia upande wa ekso. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa sababu "ekso" maana yake ni nje, basi wanaoanisha nje na ekso. Ni kinyume chake.

Ijaribu kwa siklopentadieni. CH₂ ya pete imekaa ndani, inaunganisha ncha mbili. Kwa hiyo anhidridi ya endo lazima iwe upande wa pili kabisa na daraja la CH₂, chini, karibu na bondi maradufu. Ukichora anhidridi ikiinuka kuelekea daraja fupi, umechora ekso.

Sasa (2E,4E)-heksa-2,4-dieni. Ikunje iwe s-cis: methili zote mbili ziko nje, haidrojeni za ncha ziko ndani. Anhidridi ni endo, kwa hiyo methili mbili na kaboni mbili za anhidridi zote zinakaa upande mmoja wa pete, na haidrojeni nne za kaboni hizo upande wa pili. Chora zote nne kwa kabari nene, umemaliza. Ingekuwa (2E,4Z), methili moja ingekuwa nje na nyingine ndani, kwa hiyo moja ingekuwa upande wa anhidridi na nyingine kinyume chake.

Kama huamini kiwango cha kuyeyuka peke yake, NMR inasema wazi kwa zao la siklopentadieni. Kwenye endo, haidrojeni zilizo jirani na kabonili zinatazama juu, na pembe kati yake na haidrojeni ya kichwa cha daraja ni kama nyuzi 45, hivyo mawimbi yake yanagawanyika. Kwenye ekso zinatazama chini, pembe inakaribia 90, na wimbi linabaki karibu mstari mmoja.

Jambo moja watahini wanalipenda: furani. Furani na anhidridi ya maleiki, ukiiacha ikae, inakupa ekso. Endo bado ndiyo inayotangulia kuundwa, ila zao la furani huvunjika na kurudi nyuma hata kwenye joto la kawaida, kwa hiyo kila inayovunjika inapata nafasi ya kuungana upya, hadi ekso iliyo tulivu zaidi inajaa. Zao la siklopentadieni halirudi nyuma kwa joto hilo. Lichemshe karibu nyuzi 190 kwa muda, nalo litaanza kugeuka ekso. Kwa hiyo kabla ya kuandika endo, soma swali limetaja dieni gani na joto gani.