Ukiongeza kidole kwenye simu, malipo ya benki yakigoma usishtuke

Dada yangu alimsajilia binti yake kidole kwenye simu, ili mtoto aifungue yeye akiwa na shughuli. Jioni alipotaka kununua umeme kwa programu ya benki, kidole chake mwenyewe, kile kile cha siku zote, kikakataliwa. Programu ikadai nenosiri. "We mdogo wangu, hawa watu wamenifungia akaunti?"

Akaunti ilikuwa salama. Kilichobatilika ni ufunguo.

Wengi hudhani alama ya kidole husafiri hadi benki ikakaguliwe. Haitoki kwenye simu. Siku unapowasha malipo kwa kidole, programu iliyoundwa vizuri huiomba simu itengeneze ufunguo wa siri ndani ya sehemu ya usalama iliyotengwa, ambayo hata programu yenyewe haiwezi kuchungulia. Benki hupewa ufunguo wa pili, wa kukagulia saini tu. Ukilipa shilingi 20,000, kidole hulinganishwa humo humo ndani. Kikikubalika, ufunguo wa siri hutia saini muamala huo, na saini ndiyo inayokwenda benki.

Ufunguo huo hutambua vidole vilivyokuwepo siku ulipotengenezwa. Kikiongezwa kipya, unabatilika, na hata ukikifuta haurudi. Ni usumbufu wenye maana: bila hivyo, mwizi aliyekuchungulia namba ya siri ya simu angeweza kusajili kidole chake na kulipa kwa jina lako.

Dawa yake ni kuingia kwa nenosiri na kuwasha upya malipo kwa kidole. Ila hapa ndipo watu hukosea. Ukiwasha upya kidole cha mtoto kikiwa bado kimo, ufunguo mpya utakitambua pia, naye ataweza kuidhinisha malipo. Simu haijui kidole kipi ni cha nani. Nilimwambia dada afute cha binti kwanza, ndipo awashe.

Unaweza kuipima programu yako kwa njia hiyo hiyo: sajili kidole kingine, kisha jaribu kuidhinisha malipo nacho. Kikipita bila kuulizwa nenosiri, ulinzi wake ni hafifu, na mimi ningezima malipo kwa kidole humo.

Uso una mambo yake. Simu nyingi za Android hutumia kamera ya mbele ya kawaida, na mfumo huihesabu njia hiyo kuwa dhaifu mno kufungua ufunguo wa malipo. Ndiyo maana uso unafungua simu lakini benki inataka kidole. iPhone zenye Face ID hupima umbo la uso kwa nukta za miale isiyoonekana, zaidi ya 30,000, kwa hiyo zinakubalika.

Kagua pia kama programu inaruhusu namba ya siri ya simu pale kidole kinapogoma. Ikiwa inaruhusu, anayeijua namba hiyo hahitaji kidole chako kabisa. Kama kuna mahali pa kuizima, izime, na nenosiri la benki lisifanane nayo.