Kabla ya kuondoa akaunti ya barua, angalia kwanza: POP ao IMAP?

Wadogo zangu wa staji, Jumatano nilirudi kutoka kula nikamkuta mmoja wenu ameshika telefone ya mama wa uhasibu. Barua zilikuwa zimechaguliwa zote, na alama ya kikapu ilikuwa imeshabonyezwa. Nikamuuliza anafanya nini. "Yaya, ninasafisha telefone. Mama anataka kumpa mtoto wake." Mita mbili kutoka pale, kwenye mashini ya mama mwenyewe, orodha ya barua ilikuwa inapungua kama maji kwenye beseni iliyotoboka. Mama alikuwa ameinua mikono kutoka kwenye klaviye, anaangalia tu.

Ni mara ya tatu mwaka huu. Ninawapenda, mnafanya kazi vizuri, lakini hili silivumilii tena. Nitaandika mara moja, msome wote.

1. Kuondoa akaunti na kufuta barua ni kazi mbili.

Ukiondoa akaunti kwenye programu, seva haipati amri yoyote ya kufuta. Haijui hata kama umeiondoa. Unachoondoa ni anwani, neno la siri na mara nyingi kile ambacho programu ilikuwa imetunza kwenye mashini ao telefone ile. POP na IMAP ni namna mbili za programu kuongea na seva ya barua. Kwa akaunti ya IMAP, barua zenyewe zinakaa kwenye seva, na unachoona kwenye skrini ni picha ya kilichoko kule. Ndiyo maana ukifuta barua kwenye telefone, inafutika pia kwenye mashini ya biro na kwenye brauza: umefuta kule kule zinakokaa. Mara nyingi programu inaihamisha kwanza kwenye folda ya `Trash`, nayo pia iko kwenye seva. Kikapu kile kikimwagwa, programu inaiambia seva iweke alama ya `\Deleted`, na amri ya `EXPUNGE` inamaliza kazi.

Kwa hiyo, mtu akitaka kumpa mtoto wake telefone, na akaunti ni IMAP, unaingia kwenye mipangilio ya telefone na kuondoa akaunti. Onyo litakalotokea, kwamba barua zote zitafutwa kwenye telefone, linasema kweli: kwenye telefone. Usiguse barua hata moja.

2. Kwa POP, mambo yanageuka.

POP ilizaliwa mwaka 1984, wakati watu walipiga simu kwenye seva, wakachukua barua zao, wakakata. Mark Crispin alianza IMAP kule Stanford mwaka 1986 kwa sababu alitaka barua zibaki kwenye seva na mtu azifikie kutoka mahali mbalimbali. Tofauti hiyo bado iko mpaka leo. POP inajua folda moja tu ya seva, ile ya barua zinazoingia, na kazi yake ni kuzileta kwenye mashini. Ikiwa imepangwa kutobakiza kitu, mazungumzo yake na seva yanakwenda hivi:

```
RETR 1
DELE 1
QUIT
```

`RETR` inaleta barua, `DELE` inaiwekea alama, na ni `QUIT` ndiyo inayofanya seva ifute kweli. Umeme ukikatika kabla ya `QUIT`, seva inaacha barua zote kama zilivyokuwa. Baada ya `QUIT`, barua iko kwenye mashini ile peke yake. Ukiondoa akaunti pale pamoja na barua zake, hakuna tena mahali pa kuzirudisha kutoka.

3. Namna nilivyofanya mimi.

Mwaka 2020 nilikuwa ninatunza mashini za agensi moja ya tranziti hapa Lubumbashi. Kazi yao ilikuwa mizigo inayotoka bandari ya Dar es Salaam, inapita Zambia, inaingia Kasumbalesa. Maisha yao yote yalikuwa kwenye barua: hati za shehena, fakitire, namba za lori, na zaidi ya yote zile barua fupi za kumwambia mteja kwamba kontena limefika na siku za kuhesabiwa gharama zimeanza.

Mama wa deklarasyo aliniita kwa sababu Thunderbird, programu yake ya barua, ilikuwa inamuuliza neno la siri kila dakika. Mashini yake ilinunuliwa Lusaka, kila kitu kilikuwa kwa Kiingereza. Wiki moja mbele yake, kwenye meza ya jirani, nilikuwa nimetibu ugonjwa uleule: niliondoa akaunti, nikaiweka upya, na ndani ya nusu saa barua zote zilirudi. Meza ile ilikuwa IMAP. Mimi nilidhani biro nzima iko namna moja. Sikufungua `Server Settings` kuangalia. Mstari wa kwanza kabisa pale ungenionyesha `POP Mail Server`, na poti 995 badala ya 993. Ni mibonyezo miwili.

Nikafungua `Account Actions`, nikachagua `Remove Account`. Kilitokea kidirisha chenye visanduku viwili: `Remove account information` na `Remove message data`. Cha pili hakikuwa na tiki. Mimi ndiye niliyeitia kwa mkono wangu, kwa sababu diski ilikuwa karibu kujaa na folda ya barua peke yake ilikuwa na giga tano. Niliwaza: zitarudi safi kutoka kwenye seva. Nikabonyeza `Remove`.

Nikaweka akaunti upya. Mara hii Thunderbird yenyewe ilipendekeza IMAP, nikakubali. Zikaingia barua 163, zikasimama. Folda ya `Sent` ilikuwa tupu. Nilisema ni laini, ni nzito leo. Nikahama kwenye mega za telefone yangu, nikangoja saa nzima. Bado 163. Hapo ndipo nilipofungua brauza, nikaingia moja kwa moja kwenye seva, nikashuka mpaka chini kabisa ya orodha. Barua ya zamani kuliko zote ilikuwa na wiki mbili.

Nilielewa pale pale, na mikono ikaanza kunitoka jasho. Aliyeweka akaunti ile zamani alikuwa ametia tiki kwenye `Leave messages on server`, na chini yake `For at most 14 days`. Kila barua iliyopita siku 14 Thunderbird ilikuwa inaifuta kwenye seva, kwa utaratibu, miaka minne. Na barua alizotuma mama hazikuwahi kukaa kwenye seva hata siku moja, kwa sababu POP haipandishi kitu: nakala ya barua uliyotuma inabaki kwenye folda ya mashini yako tu. Miaka minne ya `Sent` ilikuwa kwenye diski ile, na mimi nilikuwa nimeifuta.

"Mutoto, barua za mwezi wa tatu ziko wapi?" Mama aliuliza polepole kabisa. Nilishindwa kumjibu.

Nilijaribu programu ya kufufua mafaili. Diski ilikuwa SSD, na kwa SSD Windows ikifuta faili inaiambia diski mara moja kwamba nafasi ile haina kazi tena, nayo diski inaifagia. Sikupata kitu. Kama nisingetia tiki ile ya pili, mafaili yangebaki kwenye folda ya `Mail` ndani ya profaili, na ningeyarudisha ndani ya dakika kumi.

Kilichotuokoa kidogo ni daftari la anwani. Thunderbird haifungi daftari hilo kwenye akaunti, kwa hiyo `Collected Addresses` ilikuwa nzima, na ndani yake majina ya kila mtu ambaye mama alipata kumwandikia. Tulikaa naye wiki sita, tukiwaandikia watu mmoja mmoja: wa Dar es Salaam, wa Ndola, wa Kolwezi, tukiwaomba waturudishie barua zetu. Ilirudi karibu theluthi. Mteja mmoja alikataa kulipa gharama za kontena lililolala, akasema hakuambiwa. Aliambiwa. Barua ilitumwa, mama aliikumbuka mpaka saa. Lakini hatukuwa nayo tena, na yeye hakuwa tayari kututafutia. Agensi ililipa dola 1,850. Papa mwenye agensi hakunifokea. Aliuliza jambo moja: kama nilifungua seva kuangalia kabla ya kubonyeza. Nilimjibu hapana.

4. Namna ya kuitoa akaunti kwenye POP.

Ingia kwenye seva kwa brauza, kutoka mashini nyingine, uangalie tarehe ya barua ya zamani kabisa kwenye zinazoingia, kisha kwenye `Sent`. Linganisha na unachoona kwenye mashini. Kama mashini ina miaka na seva ina wiki, akaunti hiyo huiondoi leo.

Zuia kwanza POP isiangalie barua yenyewe. Funga Thunderbird, unakili profaili nzima kwenye diski ya nje. Njia ya kuipata, kabla hujafunga, ni `Help`, kisha `Troubleshooting Information`, kisha `Open Folder`. Ndani yake akaunti za POP ziko kwenye `Mail`, za IMAP ziko kwenye `ImapMail`. Halafu weka akaunti ileile mara ya pili kama IMAP, pembeni ya ile ya POP. Thunderbird inakubali kwa sababu ni aina mbili. Nakili barua kutoka upande wa POP kwenda upande wa IMAP, mia mbili mia mbili. Tumia `Copy To`, si `Move To`, maana laini ikikatika katikati utataka asili ibaki palepale. Kabla ya kuanza, uliza seva inaruhusu giga ngapi kwa kila boksi. Giga tano haziingii kwenye boksi la giga moja, na kuzipandisha kunakula mega sawasawa na kuzishusha. Fanya kazi hiyo usiku, kwenye laini ya biro.

Ukimaliza, rudi kwenye brauza, uhesabu tena. Ile ya POP unaiondoa baada ya hapo, bila tiki ya pili.

5. Na IMAP pia ina pembe zake.

Barua zilizohamishwa kwenye `Local Folders` haziko kwenye seva. Iliyoandikwa ikakosa laini, ikabaki `Outbox`, nayo haiko.

Telefone ya mama wa uhasibu niliichukua Jumatano ileile. `Trash` ya seva ilikuwa haijamwagwa, tukazichagua zote kwenye brauza, tukazirudisha. Kabla ya kuondoa akaunti nilimwambia stajeri wetu afungue `Outbox`. Kulikuwa na barua moja ya Jumatatu, orodha ya mishahara, ilikosa mega njiani. Tuliitia telefone laini ya biro, tukangoja mpaka iende, ndipo akaondoa akaunti yeye mwenyewe.