Kipeperushi cha pesa za simu: anza na salio

Kama unataka kutengeneza kipeperushi cha pesa za simu kwa watu wanaoanza, usianze na jadweli la makato. Sie tulipowachorea kinamama wa kikundi cha mwani huku Pemba kilichowaingia ni meseji moja tu, tukaichora kubwa ukurasa mzima na mishale minne: kiasi, makato, salio jipya, na namba ya muamala.

Chini yake tukaweka hesabu. Bi mkubwa ana 62,000 kwenye simu, katoa 40,000 kwa wakala, tuseme makato ni 1,800 (huo mfano tu, kila mtandao una bei zake na zinabadilika, ndo maana sehemu ya makato tuliiacha wazi ijazwe kwa penseli), basi inabaki 20,200. Makato yanatoka ndani ya simu yenyewe, wakala akikuomba na ya mkononi usimpe, yeye analipwa kamisheni na kampuni. Na kuweka pesa hakuna makato. Halafu makato yanakwenda kwa madaraja, kwahiyo kutoa 20,000 leo na 20,000 kesho mara nyingi kunakula zaidi kuliko kutoa 40,000 kwa mkupuo.

Sasa ile 20,200 iandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe, nani kapewa ile 40,000 na kwa kazi gani. Watu wanadhani daftari ni la mahisabu tu, kumbe ndo kinga yao. Mfano inakuja meseji "umepokea 30,000, salio lako 30,000", dakika mbili mtu anapiga, shangazi samahani nimekosea namba, nirejeshee. Bi mkubwa anafungua daftari: 20,200 na 30,000 zilitakiwa ziwe 50,200! Tapeli hajui salio lako lilikuwa ngapi, anabuni tu. Bado asiishie hapo, aingie kwenye menyu atazame salio, maana hata meseji iliyopatia hesabu si pesa, na ya kweli nayo mara nyengine inachelewa.

Na ikiwa pesa imeingia kweli kwa makosa? Hapa ndo wengi wanaliwa kwa huruma zao. Usirejeshe mwenyewe, mwambie apige huduma kwa wateja ya mtandao wake arejeshewe na kampuni, na wewe hiyo pesa usiiguse, kwasababu ukimtumia na kampuni nayo ikairudisha, umelipa mara mbili. Meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zipelekwe 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu.

Namba ya siri tulichora kiganja kimefunika vitufe, na wakala kageuza uso. Wapo waliosema haina haja, wakala wao ni mtoto wa jirani wanamjua tokea skuli, ndo anaewabonyezea yeye mpaka namba ya siri. Hao tuliwapa simu, tukaweka salio dogo, kila mmoja akabonyeza mwenyewe mpaka jina la wakala likatokea kwenye skrini, akalisoma kabla ya kuthibitisha. Asiejua kusoma alilinganisha na namba ya wakala iliyobandikwa ukutani, tarakimu kwa tarakimu.