Kupunguza picha kabla ya kuituma: majibu kwa wasomaji wa Lubumbashi

Ninauza vitenge kwenye soko la Kenya hapa Lubumbashi. Nikituma picha 20 kwa mteja wangu wa Likasi, mega zote zinaisha, na nyingine zinakwama njiani. Nipunguze nini ili asije akaniambia haoni vizuri?

Mama, punguza vipimo vya picha, yaani idadi ya pikseli katika upana na urefu wake, kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Simu nyingi za sasa hupiga picha yenye pikseli 4000 kwa 3000, ambazo kwa jumla ni pikseli milioni 12, wakati kioo cha simu ya kawaida ya mteja wako kina upana wa pikseli 720, au 1080 ikiwa simu yake ni nzuri zaidi. Pikseli zinazobaki unazilipia wewe kuzituma na yeye kuzipokea, lakini hazionekani kabisa mpaka aivute picha kwa vidole.

Nililijaribu jambo hili kwa kitenge kimoja chenye maua madogo-madogo, nilichokitandika mezani karibu na dirisha. Picha ilivyotoka kwenye kamera ilikuwa na uzito wa mega 4.6. Niliipunguza hadi upande wake mrefu ukawa pikseli 1280, nikaweka ubora 80, nayo ikabaki na kilobaiti 390, ambazo hazifiki hata nusu ya mega moja. Sababu ni hesabu ya eneo: upande umegawanywa kwa tatu na kidogo, lakini kwa kuwa upana na urefu vimepungua kwa pamoja, pikseli zenyewe zimegawanywa karibu kwa kumi. Picha zako 20 ambazo zingekula mega 92 sasa zitakula karibu mega 8.

Faida ya pili, na kwangu mimi ndiyo kubwa zaidi, ni kwamba picha nyepesi hufika. Mtandao ukiwa unapandisha kilobiti 200 kwa sekunde, yaani kilobaiti 25, ile picha ya mega 4.6 huhitaji dakika tatu nzima bila kukatika, na ile ya kilobaiti 390 huhitaji sekunde 16 hivi. Ndani ya dakika tatu mambo mengi hutokea: unaingia ndani ya duka lenye kuta nene, mtu anakupigia simu, au mtandao unayumba. Mara nyingi picha iliyokatikia njiani huanza kutumwa upya tangu mwanzo, na zile mega zilizokwisha kuondoka hazirudi.

Kuna tahadhari moja inayohusu vitenge hasa. Kitambaa chenye nakshi ndogo huwa kizito kuliko kitu kisicho na nakshi: ukuta mweupe niliupiga kwa simu ile ile na kuupunguza kwa vipimo vile vile, ukatoka na kilobaiti 140 tu. Kwa hiyo usishangae picha mbili zenye vipimo sawa zikitofautiana uzito. Tena mistari myembamba sana ya kitambaa ikipunguzwa inaweza kuzaa mawimbi ambayo kwenye nguo yenyewe hayapo, na mteja akadhani ndiyo nakshi. Ukiyaona, usirudi kutuma picha kubwa. Tuma picha ndogo ya kitenge kizima, kisha kutoka kwenye picha ya asili ukate kipande cha pikseli 800 kwa 800 ambapo ua linaonekana kwa karibu, bila kukipunguza tena. Kipande hicho huwa chepesi, na kinamwonyesha mteja nyuzi zenyewe.

Programu yangu ina kitufe cha ubora. Nilikishusha hadi 30, picha ikajaa madoadoa, na bado ilikuwa nzito. Nimekosea wapi?

Ulianza na hatua ya pili, ukaacha ya kwanza. Faili ya JPEG huigawa picha katika vigae vidogo vya pikseli 8 kwa 8, na ndani ya kila kigae hutupa yale mabadiliko madogo ya rangi na mwanga ambayo jicho halina mazoea ya kuyaona. Kadiri unavyoshusha ubora, ndivyo inavyotupa zaidi, hadi mipaka ya vigae inaanza kuonekana kama viraka, na kandokando ya kitu chenye ukingo mkali, kwa mfano paa la nyumba mbele ya mbingu, panatokea ukungu wa vidoadoa. Picha yako ilibaki na pikseli zake zote milioni 12, kila moja ikiwa imeharibika kidogo, na ndiyo maana ilikuwa mbaya na nzito kwa wakati mmoja.

Punguza vipimo kwanza, kisha acha ubora kati ya 75 na 85. Namba hizi si kipimo cha dunia nzima, kwa kuwa 80 ya programu moja si lazima iwe 80 ya nyingine, lakini katika programu nyingi ni hapo ambapo uzito unashuka sana bila jicho kulalamika. Namna ya kuhakiki ni kuivuta picha mpaka ujaze kioo, ukaangalia mahali penye rangi moja tulivu, kama mbingu au shavu la mtu. Vigae vikianza kuonekana hapo, umeshusha mno.

Tena, usiipunguze picha iliyokwisha kupunguzwa. Kila mara JPEG inapobadilishwa na kuhifadhiwa upya, hutupwa kitu kingine juu ya kilichokwisha kutupwa. Rudi kwenye ile ya asili kila unapotaka nakala mpya.

Ninatakiwa kutuma picha ya diploma yangu kwa ofisi moja. Nikiipunguza kama unavyoshauri kwa picha za kawaida, maandishi hayasomeki. Nifanyeje?

Hati haifuati kanuni ya kitenge, na hapa ninaomba usibane mno, kwa sababu hati isiyosomeka hurudishwa, nawe utalipia mega mara mbili. Anza kwa kukata. Watu wengi huipiga hati ikiwa mezani, na meza inachukua nusu ya picha. Meza hiyo inakula pikseli ambazo zingekwenda kwenye herufi. Kata mpaka kwenye ukingo wa karatasi, ndipo upunguze.

Kwa karatasi ya A4 nzima, upande mrefu usishuke chini ya pikseli 1754, ambazo ni pikseli karibu 6 kwa kila milimita. Herufi ndogo ya maandishi ya kawaida ina kimo cha milimita 2 kasoro kidogo, kwa hiyo hupata pikseli 10 hivi za kusimamia, na hizo zinatosha kusomeka. Kama hati ina mhuri wenye herufi ndogo, au namba iliyoandikwa kwa mkono, panda hadi 2339. Ikiwa hakuna anayehitaji rangi ya mhuri, igeuze iwe ya kijivu, na uzito utapungua kidogo tena. Ubora uuache 80 au zaidi, kwa maana ule ukungu nilioutaja hapo juu hukaa hasa kandokando ya herufi nyeusi juu ya karatasi nyeupe, ambapo 3 na 8 huanza kufanana. Kabla ya kutuma, fungua nakala iliyopunguzwa, si ya asili, usome namba ya hati kwa sauti. Ukisitasita kwenye tarakimu moja, aliyeko ofisini naye atasitasita.

Nimeambiwa kuna tovuti za kupunguza picha. Je, ni nzuri?

Nyingi zinakutaka uipandishe kwanza picha ya asili, ziipunguze zenyewe, kisha uishushe tena. Maana yake mega 4.6 ulizotaka kuziokoa zimekwisha kutumika kabla picha ndogo haijazaliwa, na picha yako imepita kwenye mashine ya mtu usiyemjua. Tumia inayofanya kazi ndani ya simu yenyewe. squoosh.app ni mojawapo: ukurasa hufunguka mara moja kwenye kivinjari, na kazi yote hufanyika kwenye simu yako bila picha kutoka. Ndani yake washa `Resize`, andika 1280 kwenye upande mrefu, chagua `MozJPEG`, kisha weka `Quality` kwenye 80. Ukurasa wenyewe unakuonyesha uzito mpya chini ya picha kabla hujahifadhi.

Mimi ni mwalimu huku Katuba, na nina picha 60 za sherehe ya shule kwenye kompyuta. Siwezi kuzifungua moja moja.

Mwalimu, sakinisha programu ya ImageMagick, kisha fungua terminali ndani ya folda yenye picha na uandike hivi:

```
mkdir ndogo
mogrify -path ndogo -auto-orient -resize "1280x1280>" -quality 80 -strip *.jpg
```

Kwenye Windows, mstari wa pili uuanze kwa `magick mogrify`. Alama `>` inasema kwamba picha iliyo ndogo tayari isikuzwe. `-auto-orient` huigeuza picha isimame kikweli, na lazima itangulie `-strip`, kwa sababu `-strip` hufuta maelezo yaliyofichwa ndani ya faili, likiwemo lile linalosema simu ilishikwa vipi. Ukiyafuta kabla ya kugeuza, nusu ya wanafunzi watafika wamelala ubavu. Maelezo hayo yanaweza pia kubeba mahali hasa picha ilipopigwa, na kwa picha za watoto ninaona ni vema yafutwe.

Tafadhali usisahau `-path ndogo`. Ukiiacha, amri hiyo huandika juu ya picha zako za asili, na hakuna kitufe cha kuzirudisha. Baada ya kazi, hesabu faili ndani ya folda mpya: kama si 60, huenda baadhi ya majina yanaishia kwa `.JPG` kwa herufi kubwa, na kwenye Linux hizo huachwa.

Je, nikizifunga picha kwenye zip zitapungua?

Hazitapungua kwa kiasi cha kukusaidia. JPEG imekwisha kubanwa, na zip haipati tena cha kubana. Itakusaidia kuzikusanya faili nyingi kuwa moja, lakini kwenye mtandao unaokatika-katika faili moja kubwa ndiyo hasa usiyoitaka.

WhatsApp si inapunguza picha yenyewe? Kwa nini nihangaike?

Ukituma kwa njia ya kawaida, ndiyo, inapunguza, na kwa picha za familia hiyo inatosha. Tatizo ni kwamba huchagui wewe vipimo kamili, na kwa diploma ya yule ndugu hapo juu inaweza kupunguza kupita kiasi. Ukiituma kama `Document`, haiguswi kabisa, kwa hiyo ile ya mega 4.6 inaondoka na mega zake zote. Mimi hupunguza mwenyewe hadi vipimo ninavyovitaka, kisha nikaituma nakala hiyo kama `Document`, na inafika kwa mwenzangu jinsi ilivyotoka mikononi mwangu.