Weka kiganja kwenye kigimbi kwanza

Swali la wiki: "Nina miaka 57. Usiku nashtuka usingizini mguu umekaza kama jiwe, machozi yananitoka. Wengine wananiambia nile ndizi, wengine ninywe maji mengi, jirani kanipa vidonge vya magnesiamu. Nifanyeje, na nitajuaje kama ni ugonjwa mwingine?"

Pole sana ndugu yangu. Huu ni mwaka wangu wa 22 katika kazi ya fiziotherapia, na kila anayekuja na shida hii namuuliza jambo moja kabla ya mengine yote: uliposhtuka, uliweka kiganja kwenye kigimbi? Kama ulikuta msuli umejikunja, mgumu, na ulipolegea maumivu nayo yakaondoka, basi ni msuli kukaza. Huchukua sekunde chache, pengine hadi dakika kumi, na kesho yake kigimbi kinauma kama kilichopigwa. Lakini kama mguu uliuma huku kigimbi ni laini, tuko kwenye habari nyingine, na nitaifikia.

Nikueleze kwa nini kigimbi ndicho kinachoteswa zaidi. Tukilala, wayo hulegea ukaelekea chini, vidole vikatazama mwisho wa kitanda. Hapo msuli wa kigimbi tayari umefupika. Neva inayouendesha ikirusha amri yenyewe, jambo linaloongezeka kadiri umri unavyosonga, msuli uliofupika hujifunga kabisa na haujui kujifungua. Ndiyo maana dawa ya papo hapo ni kuurefusha. Nyoosha goti, vuta vidole vya mguu kuelekea ugoko, shikilia hivyo bila kurusharusha mpaka uhisi msuli unaachia. Ukiweza kusimama, kanyaga sakafu kwa kisigino na uegemeze uzito kwenye mguu huohuo.

Kuruka kitandani gizani ndiko ninakokuogopa. Nimeshatibu nyonga ya mama mmoja aliyejinasa kwenye chandarua akikimbilia kusimama. Kwa hiyo wagonjwa wangu nawafundisha kulala na kanga iliyokunjwa chini ya mto. Mguu ukikaza, kaa, pitisha kanga chini ya wayo, pale penye mzizi wa vidole, shika ncha zake mbili na uvute kuja kwako huku goti limenyooka. Hutoki ndani ya chandarua.

Sasa nikupe kisa kimoja, maana kina karibu kila kitu ulichouliza. Mama fundi cherehani wa miaka 61 alikuja kwangu akikazwa usiku mara nne kwa wiki. Cherehani yake ni ya kukanyaga, anashinda nayo mchana kutwa. Alikuwa ameshakula ndizi kila jioni kwa mwezi mzima na kunywa maji hadi anaamka kukojoa mara tatu, yaani alijiongezea kukosa usingizi juu ya kukazwa. Nilimwomba anionyeshe anavyolala. Hulala chali, shuka na blanketi amevichomeka chini ya godoro mguuni ili chandarua kikae vizuri. Blanketi lile lilikuwa linamsukuma vidole chini usiku kucha. Tulianza kwa kulegeza blanketi tu.

Kisha nikamwomba alete dawa zake zote. Alikuwa anatumia bendrofluazaidi ya presha, na kipimo kilikuwa kimeongezwa wiki chache kabla miguu haijaanza kumkaza. Hiyo ni dawa ya kukojosha: inatoa maji na chumvi, na pamoja navyo potasiamu na magnesiamu. Dawa za jamii hii zinajulikana kuambatana na kukaza misuli, na vilevile baadhi ya dawa za kuvuta za pumu. Sikumwambia aache. Presha ikiachwa bila dawa inaua, na kubadilisha dawa si kazi yangu. Nilimwandikia daktari wake barua. Daktari akapima damu, potasiamu ikaja 3.1 wakati inatakiwa iwe kati ya 3.5 na 5.0, akambadilishia dawa ya presha. Mama akashuka kutoka usiku nne hadi mbili kwa wiki.

Zile mbili zilizobaki tulizifuata kwa kunyoosha. Kila usiku, kabla tu ya kupanda kitandani, anasimama mbele ya ukuta, mikono ukutani, mguu mmoja nyuma. Mguu wa nyuma unyooke gotini na kisigino kisibanduke sakafuni, ndipo aegemee mbele mpaka ahisi kigimbi kinavutika, si kuuma. Anahesabu polepole hadi 20, anaachia, mara 3 kila mguu. Halafu anakaa ukingoni mwa kitanda, mguu mmoja umenyooka mbele, anainama kidogo kutokea kiunoni kunyoosha nyuma ya paja, vilevile mara 3. Kazi yote haizidi dakika tano. Kosa ninaloliona kila siku ni kisigino kinachoinuka bila mtu kujua, na hapo unanyoosha hewa. Vua viatu, mwambie mtu akuangalie kisigino siku za mwanzo.

Na isikukatishe tamaa wiki ya kwanza. Mwaka 2012 watafiti wa Uholanzi walichapisha majaribio ya watu 80 waliovuka miaka 55: nusu walinyoosha vigimbi na nyuma ya paja kabla ya kulala, na baada ya wiki sita walikuwa wanakazwa mara chache kuliko wenzao, na maumivu yamepungua. Sitakuficha kwamba majaribio ya Uingereza ya mwaka 2005 hayakuona faida hiyo. Mimi nashikilia kunyoosha kwa sababu hakugharimu kitu wala hakumdhuru mtu, na kwa sababu ya wale niliowaona kwa macho yangu. Fundi wangu alipofika wiki ya saba alikuwa anakazwa mara moja kwa wiki mbili.

Tuje kwenye vidonge vya jirani. Magnesiamu imepimwa sana, na mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima majaribio ya tiba, yalihitimisha kwamba kwa watu wazima wenye umri mkubwa haielekei kuzuia kukazwa kwa kiasi cha maana. Wengi inawaharisha. Mwenye figo mbovu haimfai kabisa bila daktari, kwa sababu figo ndizo zinazoitoa mwilini. Ndizi ni chakula kizuri, endelea nazo, ila kama damu yako haina upungufu wa potasiamu usizitegemee kwa mguu.

Maji nayo yana mahali pake. Kama umeharisha, au umeshinda shambani ukitoka jasho mpaka nguo imeacha alama nyeupe za chumvi, kukazwa usiku ule kunaeleweka. Lakini hapo umepoteza maji na chumvi pamoja. Ukijaza maji matupu lita kwa lita unaizimua chumvi iliyobaki na misuli inaweza kukaza zaidi. Changanya pakiti ya ORS, ile chumvi ya kunywa wanayopewa walioharisha, kwenye lita moja ya maji safi, au kunywa supu yenye chumvi. Wenye ugonjwa wa moyo, figo au presha ya juu wamuulize daktari wao kwanza. Mtu aliyekaa dukani kivulini, anayekojoa mkojo wa rangi hafifu, haongezi lolote kwa kunywa jagi zima saa nne usiku.

Kuna jambo moja linaniuma na naomba lisomwe na wengi. Bado wapo wanaoambiana wameze kwinini kwa ajili ya miguu. Ni kweli inapunguza kukazwa kidogo. Lakini inaweza kuvunja chembe sahani za damu ghafla mtu akavuja damu, na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Mwaka 2006 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo rasmi dhidi ya kuitumia kwa miguu kukaza. Malaria kali ni hatari inayostahili dawa yenye hatari. Kigimbi hakistahili.

Sasa ile habari nyingine. Mlinzi mmoja wa miaka 66, mvutaji sigara tangu ujana, alikaa miezi mitatu akipakwa dawa ya kuchua kwenye zahanati moja kwa sababu alisema "mshipa unanikaza usiku". Nilimwomba anieleze bila kutumia neno mshipa. Maumivu yalikuwa kwenye wayo na vidole, si kigimbi. Yalikuwa hayaji kwa dakika tano yakapita, yalikaa. Alipata nafuu kwa kuuning'iniza mguu nje ya kitanda. Mchana, akitembea kutoka kwake hadi stendi, kigimbi kilimbana palepale penye mti uleule, akisimama kidogo kinaachia, akiendelea kinambana tena. Nilipomvua soksi mguu ulikuwa wa baridi kuliko mwenzake, ugoko umekuwa laini bila nywele, na kidole kidogo kina kidonda kisichopona. Nikatafuta mapigo juu ya wayo na nyuma ya kifundo, sikuyapata. Huyo damu ilikuwa haimfiki mguuni. Hospitali ya rufaa walilinganisha presha ya kifundo cha mguu na ya mkono. Ukigawanya ya kifundo kwa ya mkono ikatoka chini ya 0.9, mishipa imeziba. Yake ilikuwa chini zaidi ya hapo. Kunyoosha kusingemsaidia, na kila wiki aliyochuliwa ilikuwa wiki ya mguu kukosa damu.

Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na kuuma ukiubonyeza, hasa baada ya safari ndefu, upasuaji, kujifungua au kulala kitandani siku nyingi, usikubali mtu auchue. Huenda ni damu iliyoganda kwenye vena, na ikitoka hapo ikaenda mapafuni unaweza kufa. Nenda siku hiyohiyo. Pumzi ikikubana au kifua kikiuma, nenda saa hiyohiyo.

Ukihisi miguu inatambaliwa na kitu, huwezi kuituliza, na nafuu inakuja ukitembea, hali hiyo hutibiwa kwa namna yake na mara nyingine chanzo ni upungufu wa madini ya chuma. Moto na ganzi kwenye nyayo kila usiku vipimiwe kisukari. Na kama misuli inakaza hadi mikononi, inachezacheza yenyewe chini ya ngozi, inasinyaa, au mguu unaanza kukosa nguvu, omba upelekwe kwa daktari wa neva.

Wewe uliyeuliza, anza usiku wa leo na ukuta, kanga na kulegeza blanketi. Chukua kalenda, weka alama kila usiku unaokazwa, na kando yake andika mguu upi na dakika ngapi. Wiki sita zikiisha bila alama kupungua, beba kalenda hiyo pamoja na dawa zako zote kwenye mfuko mmoja, umwombe daktari akupime potasiamu, kalsiamu, figo, sukari na tezi ya shingo.